Opsheni ya Kununua Inapotekelezwa Kabla ya Gawio

Aliyeuza opsheni ya kununua amepokea fedha na amejifunga kutoa hisa 100 kwa bei iliyowekwa katika mkataba. Kwenye masoko ya Marekani, opsheni za hisa za kampuni, pamoja na za mifuko inayouzwa kama hisa, humruhusu mnunuzi kuzidai hisa hizo siku yoyote ya kazi kabla ya mkataba kuisha. Hata hivyo, kwa kawaida hana haraka. Opsheni huwa na thamani ya muda juu ya faida iliyokwisha kupatikana, na anayeitekeleza huipoteza thamani hiyo. Akitaka fedha zake, ni afadhali aiuze opsheni yenyewe sokoni. Ipo siku moja ambapo hesabu hii hugeuka, nayo ni siku ya mwisho ya kununua hisa pamoja na gawio lake.

Kila gawio lina tarehe ambayo hisa huanza kuuzwa bila gawio. Anayeimiliki hisa soko linapofungwa siku iliyotangulia atalipwa. Anayeinunua kuanzia asubuhi ya tarehe hiyo hatalipwa. Tangu tarehe 28 Mei 2024, mauzo ya hisa Marekani hukamilishwa siku moja ya kazi baada ya biashara, kwa hiyo tarehe ya bila gawio kwa kawaida huwa siku ileile kampuni inapofunga daftari la wanahisa. Soko linapofunguliwa, bei ya hisa hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio, kwa kuwa fedha hizo hazimo tena katika kile kinachouzwa.

Mwenye opsheni si mwanahisa. Gawio hapati, lakini kushuka kwa bei kunampata. Bei ya mkataba wake nayo hairekebishwi kwa gawio la kawaida la robo mwaka. Magawio maalumu ni suala jingine: Costco ilipolipa dola 15 kwa kila hisa Januari 2024, bei za mikataba ya opsheni zilipunguzwa kwa dola hizo 15 ili mwenye opsheni asiumie. Gawio la kawaida halina kinga hiyo. Njia pekee ya mwenye opsheni kulipata ni kuitekeleza mapema na kuwa mwanahisa kabla ya siku kwisha.

Mfano wa kampuni ya kubuni unatosha kuonyesha hesabu yenyewe. Hisa inauzwa dola 60. Kesho itaanza kuuzwa bila gawio la senti 75. Mtu ana opsheni ya kununua kwa dola 55, iliyobakiza siku 10. Akiitekeleza leo, analipa dola 55 na kupata kitu chenye thamani ya dola 60, gawio likiwemo. Faida yake ni dola 5. Asipoitekeleza, kesho hisa itafunguka karibu na dola 59 na senti 25. Faida iliyomo ndani ya opsheni itakuwa dola 4 na senti 25, pamoja na thamani kidogo ya muda wa siku zilizobaki. Swali lote ni hili: je, thamani hiyo ya muda inafikia senti 75?

Jibu husomwa kwenye bei ya opsheni ya kuuza yenye bei ileile ya mkataba na tarehe ileile ya mwisho. Anayeshikilia opsheni ya kununua badala ya hisa ana faida mbili. Hisa ikianguka chini ya dola 55, hasara haimfuati, na bei ya kinga hiyo ndiyo bei ya opsheni ya kuuza. Pili, dola zake 55 bado ziko benki zikizaa riba. Tuseme opsheni ya kuuza ya dola 55 ina bei ya senti 18, na riba ya siku 10 kwa asilimia 4 kwa mwaka ni kama senti 6. Jumla ni senti 24. Gawio ni senti 75. Mwenye opsheni anayejua kazi yake hatasita kutekeleza, kwa sababu akisubiri, opsheni yake kesho itakuwa na thamani ya dola 4 na senti 49 tu, pungufu ya senti 51.

Opsheni ya dola 60 ya kampuni hiyohiyo ina hali nyingine kabisa. Opsheni ya kuuza inayolingana nayo ina bei ya dola 1 na senti 80, zaidi ya mara mbili ya gawio, na hakuna mtu makini atakayeitekeleza. Ndiyo maana hatari huwakabili hasa waliouza opsheni ambazo bei ya hisa imekwisha kuzipita kwa mbali na ambazo siku zake ni chache. Dalili yake huonekana hata bila kikokotoo: opsheni ya kununua inauzwa kwa dola 5 kamili au senti chache juu yake, kana kwamba muda uliobaki hauna thamani. Soko limekwisha kuamua kwamba itatekelezwa.

Utekelezaji wenyewe hupitia OCC, shirika la Chicago linalodhamini mikataba yote ya opsheni zilizoorodheshwa Marekani. Maagizo hufika jioni, OCC huyagawa kwa kura kati ya madalali ambao wateja wao wameuza opsheni hiyo, na kila dalali humchagua mteja kwa utaratibu wake aliokwisha kuutangaza. Si wote wanaoguswa, maana baadhi ya wenye opsheni husahau au hawajui. Aliyeguswa hupata taarifa asubuhi inayofuata, yaani tarehe yenyewe ya bila gawio, wakati ambapo hakuna tena cha kurekebisha.

Aliyeuza opsheni akiwa na hisa zake 100 mkononi hupata pigo dogo kuliko linavyosemwa. Hisa zake zimechukuliwa kwa dola 55 kila moja na gawio la dola 75 limekwenda kwa mwingine. Lakini hasara yake si dola 75. Kama asingeguswa, angebaki na hisa ya dola 59.25, gawio la senti 75 na deni la opsheni ya dola 4.49, jumla dola 55.51. Amekosa senti 51 kwa kila hisa, au dola 51 kwa mkataba. Kwa mkazi wa Kenya au Tanzania pengo hilo ni dogo zaidi, kwa kuwa Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo. Kinachomuumiza zaidi mwenye hisa ni pale alipokuwa hataki kuziachia kabisa, labda kwa sababu alizinunua kwa bei ya chini na mauzo hayo yanazaa kodi ya faida nchini kwake.

Asiye na hisa huamka akiwa na deni la hisa 100, na kwa kuwa anadaiwa hisa siku ya bila gawio, gawio analilipa yeye kwa ukamilifu, dola 75 zikikatwa kwenye akaunti. Dalali anaweza kudai dhamana zaidi siku hiyohiyo. Wanaoshangazwa kupita wote ni wale walioamini kwamba hasara yao ina ukomo. Mtu ameuza opsheni ya dola 50 na kununua ya dola 55 ya kampuni ileile ya mfano. Kwenye karatasi hawezi kupoteza zaidi ya dola 5 kwa hisa, kabla ya kutoa fedha alizopokea mwanzoni. Usiku ule opsheni ya dola 50 inatekelezwa dhidi yake, na ile ya dola 55 inalala bila kutekelezwa. Asubuhi, kuzinunua hisa na kulipa gawio kunamletea hasara ya dola 10, huku opsheni aliyobaki nayo ina thamani ya dola 4.49. Pengo ni dola 5.51. Senti 51 zimevuka ukomo alioutegemea, na kuitekeleza opsheni yake asubuhi hiyo hakusaidii, maana hisa atakazopata hazina gawio.

Njia iliyo bora ya kuepuka huanza siku ya kuuza. Kabla ya kuchagua mkataba, tarehe ya bila gawio itazamwe kwenye tangazo la kampuni yenyewe, kisha ichaguliwe opsheni inayoisha kabla ya tarehe hiyo, au yenye bei ya mkataba iliyo juu vya kutosha. Kwa mfuko wa SPY, tarehe hiyo kwa kawaida ni Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, siku ileile opsheni za mwezi zinapoisha. Alhamisi yake opsheni hizo huwa zimebakiza siku moja, na zile ambazo bei imezipita hutekelezwa kwa wingi. Asiyetaka shaka hiyo anaweza kutumia opsheni za SPX, zinazofuata faharasa ileile ya kampuni 500 lakini hutekelezwa mwisho wa mkataba tu na kulipwa kwa fedha taslimu, ingawa mkataba wake mmoja ni mkubwa kama mara kumi ya ule wa SPY.

Kama opsheni imekwisha kuuzwa na bei imeipita, hubaki kuinunua tena au kuihamishia mbele. Katika mfano wa dola 55, opsheni yenye miezi miwili inaweza kuuzwa dola 5.71, kwa sababu opsheni ya kuuza inayolingana nayo ni dola 1.10 na riba ya miezi hiyo ni kama senti 36. Jumla hiyo inalizidi gawio kwa mbali. Muuzaji ananunua ya zamani kwa kama dola 5, anauza mpya, na anabaki na senti 70 hivi kwa kila hisa. Agizo liwekewe bei maalumu, kwani opsheni za namna hii huwa na pengo kubwa kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Aliye na opsheni mbili azifunge zote kwa agizo moja, au kama hawezi, atume agizo la kutekeleza ile aliyonunua kabla ya muda wa mwisho wa dalali.

Ikumbukwe kwamba kununua tena hakurudishi zile senti 51. Dola 5 zinazolipwa tayari zina bei ya utekelezaji ndani yake; kinachookolewa ni hisa zenyewe, au kuepuka deni la hisa na ukomo uliovunjika. Na yote hayo yana saa yake. Soko la New York hufungwa saa 10 jioni, ambayo kwa Nairobi na Dar es Salaam ni saa 5 usiku majira ya joto ya Marekani na saa 6 usiku majira yake ya baridi. Agizo lazima liwe limekamilika kabla ya saa hiyo, siku moja ya kazi kabla ya tarehe ya bila gawio. Tarehe ikiangukia Jumatatu, siku hiyo ni Ijumaa.