Askofu na Orodha Yake: Kwa Nini Roma Iliipendelea Dini Iliyoitesa

Mkazi wa Kaloleni au Bahati, mashariki mwa Nairobi, akifiwa, jambo la kwanza kuulizwa ni nani atakayelipia gari la kupeleka maiti mashambani. Aghalabu jibu hutoka kwa chama cha mazishi, chenye orodha ya wanachama na mweka hazina wake. Msomaji aishike picha hiyo tunapoutazama Ukristo wa karne ya 3.

Neno askofu limetufikia kutoka Kigiriki kupitia Kiarabu, na asili yake ni mwangalizi. Kornelio, askofu wa Roma, aliandika katika mwaka wa 251 kwamba kanisa lake lilikuwa na makasisi 46, mashemasi saba, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliotunzwa nalo. Wakati huo Kaisari Desio alikuwa ameamuru kila raia atolee miungu sadaka na kupata cheti cha kuthibitisha hivyo. Wakristo wengi walitii kwa hofu. Fabiano, aliyemtangulia Kornelio, alikufa mwaka wa 250 katika mateso hayo. Hata hivyo, kiti chake kilijazwa baadaye, na wajane wakaendelea kula. Mtesaji aliweza kumwondoa mtu, si cheo.

Mwaka wa 311 Kaisari Galerio alisalimu amri, akawaruhusu Wakristo kuabudu. Mwaka uliofuata Konstantino alishinda vita vya Daraja la Milvio, na aliamini kwamba Mungu wa Wakristo ndiye aliyemshindia. Imani hiyo tusiibeze. Wanaodai kwamba alifuata wengi wanakosea: Wakristo walikuwa bado wachache katika dola. Lakini imani ya mtu mmoja haitoshi kueleza jinsi upendeleo wake ulivyofika mbali hivyo.

Mahekalu ya Kirumi yalijitegemea, kila moja na makuhani wake. Maaskofu, kwa upande wao, waliandikiana, wakatambuana na kukutana. Ndiyo maana Konstantino, baada ya ushindi huo, aliweza kumwandikia Sesiliano, askofu wa Karthago, kwamba ameagiza apewe mafungu 3,000 ya fedha, ayagawe kwa makasisi wa Afrika, Numidia na Mauritania kwa kufuata orodha iliyotoka kwa Hosio, mshauri wa Kaisari. Zikipungua, amwombe msimamizi wa mali za Kaisari. Orodha tena!

Fedha hizo zilichochea ugomvi. Kundi lililomkana Sesiliano, ambalo baadaye liliitwa Wadonati, lilidai kwamba yeye si askofu halali, na Kaisari akajikuta mwamuzi. Mwaka wa 314 maaskofu walikutana Arles kwa amri yake, wakamwidhinisha Sesiliano, lakini mgawanyiko ule haukuzibika.

Aliyeielewa siri hii vyema zaidi alikuwa adui. Mwaka wa 362 Kaisari Yuliani, aliyetaka kuirudisha miungu, alimlalamikia kuhani wake mkuu wa Galatia kwamba Wakristo huwalisha hata maskini wasio wao. Akaagiza zijengwe nyumba za wageni, na vipimo 30,000 vya ngano vitolewe kila mwaka. Mwaka wa 363 aliuawa vitani dhidi ya Uajemi.