Risiti Namba 14

Mhazini wa kikoba alifungua bahasha ya risiti wakati wa kugawana ulipokaribia, akakuta nyingi zimebaki karatasi nyeupe. Hakuna aliyezifuta. Risiti za mashine ya EFD hazichapwi kwa wino. Karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi inapopata moto wa mashine, na ikikaa juani, maandishi hupotea. Mzunguko wa kikoba huchukua karibu mwaka, na karatasi hiyo huenda isifike huko. Ndiyo maana nilikwenda kuzungumza na wanakikundi.

Niliwaambia kwamba kazi inaanza kabla ya kushika simu. Mhazini aandike matumizi kwenye daftari la fedha, kisha aandike kwa kalamu juu ya risiti namba ileile ya mstari. Ndipo aipige picha siku hiyohiyo, kwenye mwanga wa mchana, pembe zote nne zikionekana, halafu aitume kwenye kundi la WhatsApp la kikoba. Namba ikitangulia picha, risiti moja haiwezi kuletwa tena kwa mstari mwingine bila kuonekana.

"Sasa mkaguzi anafanya nini na picha hizo?" aliuliza mama mmoja.

Tukachukua mfano wa viti vya kukodisha. Mstari wa 14 unasema sandukuni zilitoka shilingi 330,000. Mkaguzi anatafuta picha zenye namba 14 na kukuta mbili. Ya kwanza ni risiti ya dukani: viti 20 kwa shilingi 15,000 kila kimoja, yaani 300,000. Ya pili ni karatasi ya mkono ya mwenye guta, shilingi 12,000, yenye sahihi yake, maana watu wa guta hawana mashine. Jumla ni 312,000. Zimebaki 18,000, na lazima pawepo mstari unaoonyesha zilirudi sandukuni. Usipokuwepo, mkaguzi ana swali moja la kumuuliza mhazini, wala hahitaji kupekua bahasha nzima.

Kisha anageuza kazi: anaanza na picha na kutafuta mstari wake daftarini. Picha isiyo na mstari ina maana kuna matumizi ambayo hayakuandikwa.

Wengine waliogopa simu ya mhazini ikiibiwa. Picha zikiwa kwenye simu za wanachama kadhaa, kuibiwa kwa moja hakupotezi kumbukumbu, mradi kundi lisiwekwe kufuta ujumbe wenyewe baada ya siku kadhaa. Karatasi nazo zisitupwe, hata zikififia.

Lakini picha inaonyesha karatasi tu. Haijui kama bei ilipandishwa kwa makubaliano na mwenye duka, wala kama viti vilifika. Kwa hiyo mkaguzi akishamaliza mstari wa 14, huinuka akaenda stoo kuhesabu viti 20.