Ini Lililojaa Mafuta

Tumfikirie mama mmoja wa Zongwe, mwenye umri wa miaka 45 na uzito wa kilo 90. Kwa miezi mingi anasikia tumbo kujaa upande wa kuume, chini ya mbavu, hasa akiisha kula. Hana homa, wala maumivu makali. Munganga ampima damu, naye hana ugonjwa wa ini wa kuambukizwa. Mashini ya kutazama tumboni yaonyesha ini kubwa, lenye mafuta.

Mafuta hayo yatoka wapi? Mama asema, "Mimi sili nyama ya mafuta." Ni kweli. Lakini ini ni kama ghala. Sukari na bukari zikizidi kazi ya mwili, ini huzigeuza kuwa mafuta na kuyaweka. Ghala likijaa, ini huvimba na kuvuta ngozi yake. Ndipo mtu husikia kujaa. Wengine hawasikii kitu, na ini laharibika polepole.

Hakuna haja ya dawa za kuosha ini. Nyingine zaweza kuliumiza. Dawa ni kupunguza uzito. Mama huyu akipunguza kilo 4 au 5, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifika kilo 7 hadi 9, hata ini lililowaka hupata nafuu. Asishinde njaa, maana kukonda kwa haraka huweza kuliumiza ini. Nusu kilo kwa juma yatosha.

Alianza na vinywaji. Alikunywa vikombe 3 vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko 4 vya sukari: jumla vijiko 12. Alipunguza kijiko kimoja kila juma mpaka akaizoea chai tupu. Soda aliiacha, kwa kuwa chupa ya santilita 33 ina karibu vijiko vidogo 8 vya sukari. Pombe pia aliikataa.

Kisha bukari. Hakuiacha, bali alikula nusu ya ile ya zamani, na nusu ya sahani akaijaza mboga. Hapo angalia: sombe yenye mawese mengi si mboga nyepesi. Alipima mawese kwa kijiko, kijiko kimoja kikubwa kwa kila mtu, asimimine kutoka chupani. Samaki na ndagala alichemsha au kuchoma, asikaange.

Kila siku alitembea kwa haraka nusu saa. Kila mwezi alipimwa kwa mizani ileile. Baada ya miezi 4 alikuwa na kilo 84, na kule kujaa kumepungua.

Lakini si kila kujaa upande wa kuume ni mafuta. Ukiona macho ya manjano, homa pamoja na maumivu, tumbo kujaa maji, au kutapika damu, usingoje chakula kikusaidie. Njoo hospitali siku hiyohiyo.