Je, Wajua? Embe la Iddi na hewa ya mapafu

Je, wajua kwamba ujazo wa mapafu unaokutisha kwenye kitabu cha anatomia na fiziolojia una namba nne tu za kukariri? Nyingine zote ni za kujumlisha. Wanafunzi wengi wa uuguzi na utabibu hukariri nane, na mtihani ukifika zimeshachanganyika kichwani. Kariri nne, na mpangilio wake kutoka juu kwenda chini.

Herufi za mpangilio huo ni I, T, E, R. Sema: Iddi, Tuletee Embe Rojorojo. Juu kabisa yupo Iddi, yaani IRV, akiba ya kuvuta: hewa unayoweza kuongeza baada ya kuvuta pumzi ya kawaida. Chini yake ni TV, pumzi yenyewe ya kawaida, ile inayoingia na kutoka wakati umekaa huna habari. Kisha ERV, akiba ya kutoa, unayoweza kuisukuma nje baada ya pumzi ya kawaida kutoka. Mwisho, chini kabisa, rojorojo: RV, mabaki yasiyotoka hata ukakamue vipi.

Je, wajua kwamba unaweza kuzigusa hewa hizo mwilini mwako sasa hivi, kabla hujafungua daftari? Kaa wima, pumua kama kawaida mara kadhaa, halafu simama pale pumzi ya kawaida ilipomaliza kutoka. Usivute. Sasa sukuma hewa nje taratibu: tumbo linakaza, mbavu zinashuka, na hewa bado inatoka. Hiyo ni ERV. Endelea mpaka isitoke tena. Utahisi kifua kimebana kana kwamba kimekauka, lakini ndani mna zaidi ya lita moja. Hiyo ndiyo R ya Iddi. Aliyefanya hivi mara moja hawezi kuandika kwamba mapafu huwa matupu mtu akishatoa pumzi yote.

Namba zenyewe zikae kwa mamia, si kwa maelfu. Kwa kijana wa kiume mwenye afya, kitabu cha Guyton kinatoa mililita 3000, 500, 1100 na 1200. Fyeka sifuri mbili kila mahali: 30, 5, 11, 12. Isome kwa sauti mara chache, ina mwendo wake mdomoni, hasa pale 11 inapofuatwa na 12. Jumla ni 58, yaani mililita 5800, na hiyo ndiyo TLC, hewa yote ambayo mapafu yanaweza kubeba.

Je, wajua kwamba mstari mmoja tu unazaa uwezo wote uliobaki? Chora mnara wa vyumba vinne vya Iddi, kisha piga mstari mnene kati ya T na E. Hapo ndipo pumzi ya kawaida inapoishia kutoka. Misuli ya kupumulia imelegea, mapafu yanavuta kujikunja ndani, ukuta wa kifua unavuta kutanuka nje, na nguvu hizo mbili zimelingana. Vilivyo juu ya mstari, I na T, ni IC: 30 na 5, jumla 35. Vilivyo chini yake, E na R, ni FRC: 11 na 12, jumla 23. Ukiacha chumba cha chini peke yake, vitatu vya juu ni VC: 30, 5 na 11, jumla 46. Vyote vinne ni TLC.

Tazama sasa uhakiki wa bure: 23 mara mbili ni 46. Ukipata VC isiyo maradufu ya FRC, umekosea kujumlisha. Na uzuri ni kwamba baadhi ya vitabu hutumia 31, 5, 12 na 12, vikipata jumla ya 60, na humo pia FRC ni 24 na VC ni 48. Mwalimu wako akifuata namba hizo, fuata zake, usichanganye seti mbili kwenye karatasi moja. Ila ujanja huu ni wa namba za mwanamume wa vitabuni tu. Kwa mwanamke, vitabu vingi huandika 19, 5, 7 na 11: FRC ni 18 na VC ni 31, maradufu hakuna. Mgonjwa halisi naye hana wajibu wa kukubaliana na kitabu. Swali likikupa namba zake, tumia zake.

Mstari huohuo unajibu swali linalopendwa na watahini: FRC hufanyaje mtu akilala chali? Viungo vya tumbo husukuma kiwambo juu, mstari wa mapumziko unashuka, FRC inapungua, na kinachopungua zaidi ni ile akiba ya kutoa. Huhitaji kukariri jibu hilo, mchoro unalo.

Je, wajua ni nani aliyetupa VC? Ni John Hutchinson, daktari mpasuaji wa Uingereza, aliyechapisha kazi yake mwaka 1846 baada ya kupima zaidi ya watu 2000 kwa chombo chake, spirometa. Aliona kwamba uwezo huo hupanda kadiri mtu anavyokuwa mrefu, na ndiyo maana hadi leo hakuna kipimo cha spirometa kinachosomwa bila kuuliza urefu wa mgonjwa. Lakini chombo chake kilikuwa na upofu mmoja, na upofu huo umebaki kuwa swali la mtihani: spirometa huona tu hewa inayoingia na kutoka. Isiyotoka haionekani.

Kwa hiyo kanuni ni fupi. Chochote chenye chumba cha rojorojo ndani yake hakipimwi na spirometa peke yake: RV, FRC, TLC. Hapa ndipo mtego ulipo. Wengi hujifunza kwamba "penye herufi R hapapimiki", wanakwenda kuikata IRV na ERV, ambazo spirometa huzipima bila shida. R ya IRV na ERV ni ya akiba. R ya RV na FRC ni ya mabaki. Na TLC haina R hata moja, ilhali mabaki yamo. Usitazame herufi, tazama mchoro: je, chumba cha chini kimo?

Je, wajua kwamba mabaki yalipimwa kabla ya spirometa ya Hutchinson? Mwaka 1800 Humphry Davy, mkemia Mwingereza, alijipima mwenyewe kwa kuvuta haidrojeni na kutazama ilivyozimuliwa na hewa aliyokuwa nayo kifuani. Siku hizi hutumika heliamu, ambayo haipenyi kwa urahisi kuingia kwenye damu, lakini hesabu ni ileile: gesi ikisambaa kwenye nafasi kubwa zaidi, ukolezi wake hushuka.

Tufanye moja mpaka mwisho. Mgonjwa ana TV ya mililita 450, IRV 2000 na ERV 1000. Anaunganishwa na chombo chenye lita 3 za mchanganyiko wenye heliamu asilimia 10. Baada ya kupumua humo mpaka kila kitu kitulie, heliamu ni asilimia 5. Kanuni ni hii:

FRC = V × (C1 − C2) ÷ C2

Yaani 3 × (10 − 5) ÷ 5, jibu lita 3. Kwa nini ni FRC na si RV? Kwa sababu bomba lilifunguliwa pale pumzi ya kawaida ilipomaliza kutoka, palepale kwenye mstari wetu mnene. Wanaosahau hilo huiita namba hiyo RV na kila kinachofuata kinaharibika. Sasa toa akiba ya kutoa: 3000 − 1000, RV ni 2000. VC ni 2000 + 450 + 1000, sawa na 3450. TLC ni 3450 + 2000, sawa na 5450.

Usiweke kalamu chini bado. Gawanya RV kwa TLC. Kwa kijana wa kitabuni, 12 kwa 58 ni kama asilimia 21. Kwa mgonjwa wetu ni karibu asilimia 37. Jumla ya mapafu yake haiko mbali na ya kawaida, ila sehemu kubwa mno ni hewa isiyotoka: ndivyo inavyokuwa njia za hewa zinapoziba wakati wa kutoa pumzi, kama kwenye pumu kali au ugonjwa sugu wa mapafu wa wavuta sigara. Uwiano huo hupanda pia na umri, kwa hiyo uliza umri kabla ya kutangaza ugonjwa. Na jambo moja zaidi kwa wanaotaka alama za juu: kwa mgonjwa aliyeziba sana, heliamu haifiki vizuri kwenye sehemu zilizofungiwa hewa, hivyo FRC hutoka ndogo kuliko ilivyo kweli. Chumba cha kupimia mwili mzima, kinachotumia sheria ya Boyle, huihesabu na hewa hiyo iliyonaswa.

Je, wajua kwamba kusoma tena na tena hukudanganya? Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walichapisha majaribio wakilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojipima. Baada ya dakika tano waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki, waliojipima waliwaacha nyuma. Kwa hiyo, mtihani ukiwa Jumatatu ijayo, panga hivi.

Jumatatu hii chora mnara ukiangalia kitabu, mara moja tu, na ujaribu pumzi zile za kifuani. Jumanne asubuhi chukua karatasi tupu, funga kitabu: Iddi, 30, 5, 11, 12, mstari mnene, aina zote nne za uwezo. Ukikwama usichungulie upesi, jitahidi kidogo kwanza, kisha sahihisha kwa wino mwekundu. Jumatano pumzika na mada hii. Alhamisi chora tena, safari hii ukiandika pembeni ya kila kipimo kama spirometa inakiona au haikioni. Ijumaa na Jumamosi soma mada nyingine. Jumapili mwombe mwenzako akutungie namba za mgonjwa, akufiche mbili, uzitafute wewe. Naye mtungie zako. Anayetunga naye hujifunza, kwa sababu lazima namba zake zijumlike.

Na Jumatatu, ukishapewa karatasi ya mtihani, kabla hujasoma swali la kwanza, chora mnara pembeni kwa penseli: vyumba vinne, namba nne, mstari mnene kati ya T na E.