Nyembe Mbili, Leza na Picha ya Simu

Pitisha kipande cha kioo juu ya moshi wa koroboi, taratibu kisije kikapasuka, mpaka kiwe cheusi tii. Bana nyembe mbili mpya pamoja kama wembe mmoja, uburute makali yake juu ya masizi mara moja tu, bila kurudia. Zitabaki nyufa mbili zinazopitisha mwanga, zilizokaribiana hata jicho linaziona kama mstari mmoja. Wembe wa kawaida wa kunyolea una unene wa milimita 0.1, na makali yake yako katikati ya unene huo. Kwa hiyo, nyembe zikibanana vizuri, toka katikati ya ufa mmoja hadi katikati ya mwenzake ni milimita 0.1 hivi.

Mimi na mpwa wangu wa kidato cha tatu tulikiegemeza kioo hicho kwenye rundo la vitabu, tukabandika karatasi nyeupe ukutani mita 2 mbele yake, tukazima taa. Leza ilikuwa ile nyekundu ndogo ya kuelekezea ubaoni, lebo yake imeandikwa 650 nm. Mwanga ulipopita kwenye nyufa, ukutani hatukuona doa moja wala madoa mawili. Tuliona safu ya mistari myekundu imejipanga kama meno ya kitana, kati ya mstari na mstari kuna giza.

Giza hilo ndilo la ajabu. Nyufa zote mbili zinamwaga mwanga pale pale, lakini pale pale hapana mwanga. Daktari Mwingereza Thomas Young alilieleza jambo hili mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London mnamo 1803. Yeye hakuwa na leza. Alitoboa tundu dogo kwa sindano ili uingie mwale mwembamba wa jua, akauweka ukingo wa kadi katikati ya mwale huo ili mwanga upite pande mbili. Alisema mwanga ni mawimbi. Mahali fulani ukutani, mawimbi ya upande huu yanafika yakiwa juu wakati ya upande ule nayo yako juu, yakaongezana. Hatua chache pembeni, upande mmoja una safari ndefu kuliko mwingine kwa nusu ya wimbi, basi mmoja unafika juu na mwingine chini, yakafutana. Ukisogea tena, tofauti ya safari inakuwa wimbi zima, mwanga unarudi.

Kutoka hapo hesabu ni fupi. Nafasi toka mstari mmoja hadi unaofuata ni:

Δy = λL / d

λ ni urefu wa wimbi, L ni umbali toka kwenye nyufa hadi ukutani, d ni nafasi kati ya nyufa. Tuweke vyote kwa milimita. Nanomita 650 ni milimita 0.00065, mita 2 ni milimita 2000. Zidisha upate 1.3. Gawa kwa 0.1, jibu ni milimita 13. Angalia d ilipokaa: chini. Nyufa zikikaribiana zaidi, mistari inaachana zaidi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa kwa sababu wanategemea kinyume chake.

Sasa picha. Kupima mistari inayometameta gizani kwa rula ya mkononi kunachosha, ndiyo maana tuliipiga kwa simu. Picha yenyewe haijui milimita, inajua pikseli tu, kwa hiyo lazima rula iwemo ndani yake. Mara ya kwanza mpwa wangu aliishika rula hewani, kama sentimita 20 mbele ya ukuta, na simu ilikuwa mita 1 toka ukutani. Tukapiga hesabu, nafasi ikatoka milimita 9.9.

“Mjomba, hii fomula ya kitabuni ni ya uongo,” akasema.

Nikamwambia atie alama za penseli kwenye karatasi, mstari kwa mstari, awashe taa, apime. Ilikuwa zaidi ya milimita 12. Fomula haikuwa na kosa. Rula iliyo karibu na kamera huonekana kubwa kuliko ilivyo, na kwa umbali wetu ilikuzwa kwa robo nzima, kwa hiyo kila kilichopimwa nayo kilisinyaa. Tukaibandika rula kwenye karatasi ile ile, chini kabisa ya mistari, simu ikiutazama ukuta uso kwa uso. Tukagusa mistari kwenye kioo cha simu na kupunguza mwangaza, maana picha ikiungua, mistari ya katikati huvimba ikawa mabaka meupe usiyojua yanaishia wapi.

Picha ya pili ilisomeka. Milimita 100 za rula zilichukua pikseli 1500, yaani pikseli 15 kwa kila milimita. Hatukupima pengo moja. Tulichukua toka katikati ya mstari wa kwanza hadi katikati ya mstari wa saba: pikseli 1116, ambazo ni milimita 74.4. Hapa pana mtego wa pili. Mistari saba ina mapengo sita, kama nguzo za uzio. Ukigawa kwa saba unapata 10.6, ukigawa kwa sita unapata 12.4, na 12.4 ndiyo sahihi.

Kwa nini tuliishia mistari saba? Kwa sababu ukihesabu toka ule wa katikati, mstari wa nne kila upande haukuonekana, kisha nje ya pengo hilo kuna mingine hafifu. Hilo si kosa la kamera. Kila ufa una upana wake, na mwanga wa ufa mmoja peke yake nao una sehemu zake za giza. Mstari ukiangukia hapo unazimika. Ukipotea wa nne, basi upana wa ufa ni kama robo ya d. Asiyejua hilo huruka pengo bila kulihesabu, au hupima vile vilima vikubwa vya mwanga badala ya mistari midogo iliyomo ndani yake.

Tulitarajia 13, tumepata 12.4. Wengi wangeandika “kosa la asilimia tano” wakafunga daftari. Mimi naona swali liulizwe upande wa pili: kati ya namba tatu tulizoingiza, ipi tunaiamini kidogo zaidi? L tuliipima kwa futi ya fundi, toka kwenye kioo na si toka kwenye leza, na hata tukikosea sentimita 1, hiyo ni nusu ya asilimia. Umbali wa simu haumo kwenye fomula kabisa. Lebo ya leza inaweza kupotoka nanomita kadhaa. Lakini d tuliidhania tu kutokana na unene wa wembe. Basi igeuze hesabu: 1.3 gawa kwa 12.4 ni 0.105. Nyembe zetu hazikubanana kabisa, zikaacha mwanya mwembamba kuliko unywele.

Tuliijaribu namba hiyo kwa leza ya kijani ya nanomita 532, kioo kile kile, ukuta ule ule. Kwa d ya 0.105, fomula inadai milimita 10.1. Picha ilitoa 10.2.

Ukijaribu nyumbani, usichungulie leza kupitia kwenye nyufa hata kidogo, tazama ukutani. Na kabla ya kupiga picha, andika L kwa kalamu nene kwenye karatasi ile ile yenye rula, kwa sababu hiyo ndiyo namba pekee ambayo picha haiwezi kukukumbusha.