Pampu ya Presha: Uliza Mita na Lita Kabla ya Hosipawa

Mteja akiingia dukani Kariakoo kununua pampu ya presha, mazungumzo huanza na hosipawa. Muuzaji akisikia nyumba ni ya chini, anatoa ya nusu; akisikia ni ya ghorofa, anatoa ya moja au ya moja na nusu. Lakini hosipawa ni kipimo cha mota tu. Haimwambii mnunuzi kama maji yatatoka kwa nguvu kwenye shawa ya juu watu wawili wakioga kwa pamoja. Ndiyo maana zipo nyumba ambazo pampu inanguruma na shawa inachuruzika, na zipo nyingine ambazo mipira ya sinki inapasuka kila baada ya miezi michache.

Swali linalomfaa mnunuzi ni hili: nataka lita ngapi kwa dakika, zikisukumwa mita ngapi? Namba hizo mbili huenda pamoja, na mwenye nyumba anaweza kuzipata mwenyewe kwa futi kamba na ndoo.

Tuchukue nyumba ya ghorofa moja, tuseme pale Goba, Dar es Salaam. Ina wakazi sita, simtanki la lita 2,000 limekaa chini uani kwa sababu maji ya bomba huja kwa mgao, na pampu itafungwa pembeni mwa tanki hilo. Bomba linalopanda juu ni la robo tatu, na kutoka kwenye pampu hadi shawa ya mbali kabisa lina urefu wa mita 20.

Anza na lita

Mtiririko hupangwa kwa kuhesabu mabomba yatakayofunguliwa kwa wakati mmoja. Ukijumlisha kila bomba lililomo ndani ya nyumba utapata namba kubwa ambayo haitatokea hata siku moja. Saa kumi na mbili asubuhi, katika nyumba yetu, watu wawili wanaoga na mmoja yuko jikoni. Shawa ya kawaida inaridhisha ikitoa lita 8 kwa dakika, na bomba la jikoni nalo linatosha kwa kiasi hicho hicho. Jumla ni lita 24. Tuandike 25 kwa dakika.

Ukitaka kujua shawa yako inatoa kiasi gani sasa, kinga maji kwa ndoo ya lita 20 na utazame saa. Ndoo ikijaa kwa dakika mbili na nusu, shawa inatoa lita 8 kwa dakika. Ikichukua dakika tano, ni lita 4, na hapo mtu anayejisuuza sabuni ataona tofauti.

Kisha tafuta mita

Watu wengi hudhani mita zinazohitajika ni urefu wa nyumba tu. Kwa kweli zina sehemu tatu, na katika nyumba nyingi urefu si sehemu kubwa kuliko zote.

Sehemu ya kwanza ni mwinuko wenyewe. Hupimwa wima, kutoka usawa wa maji tanki linapokaribia kuisha hadi kwenye kichwa cha shawa ya juu. Urefu wa bomba linalozunguka ukutani hauhesabiwi hapa. Katika nyumba yetu msingi umeinuka kidogo, sakafu ya juu iko zaidi ya mita 3 kutoka ya chini, na shawa iko mita 2 juu ya sakafu hiyo. Mwinuko wote ni mita 6.

Sehemu ya pili ni presha inayotakiwa kubaki pale maji yanapotokea. Maji yakifika kwenye shawa yakiwa yameishiwa nguvu, yatadondoka tu. Kila mita 10 za kimo cha maji ni sawa na presha ya bari 1 hivi, na shawa nzuri huhitaji kati ya bari 1 na 1.5. Tukichukua bari 1.5, tunaongeza mita 15. Tazama kwamba hii ni zaidi ya mara mbili ya mwinuko.

Sehemu ya tatu ni mita zinazopotea njiani kwa maji kusuguana na kuta za bomba na kugonga kila kona. Maji ya lita 25 kwa dakika yakipita kwenye bomba la plastiki la robo tatu, ambalo kwa ndani lina upana wa milimita 18 hivi, hupoteza karibu mita 3.5 katika urefu wa mita 20. Ukiongeza kona, tii na vali, hasara inafika mita 5. Bomba la inchi moja katika njia ile ile lingepoteza takribani mita 1.5 tu pamoja na kona zake.

Sasa tujumlishe: mita 6 za mwinuko, 15 za presha ya shawa, 5 za njiani. Jumla ni mita 26. Nyumba hii inahitaji pampu itakayotoa lita 25 kwa dakika kwa mita 26, na hilo ndilo swali la kumpelekea muuzaji.

Kama tanki lingekuwa juu ya mnara, usawa mmoja na ile shawa, zile mita 6 zingefutika na hitaji lingekuwa mita 20. Bado pampu ingehitajika, kwa sababu hata tanki lililo mita 6 juu ya shawa hutoa bari 0.6 tu.

Kibao cha pampu kinasema nini

Kwenye kibao cha pampu ndogo ya nusu hosipawa, ile ya bei nafuu inayojaa madukani, huandikwa mara nyingi H max mita 40 na Q max lita 40 kwa dakika. Mnunuzi hulinganisha na hitaji lake la mita 26 na lita 25, akaona imezidi kote kuwili. Hapo ndipo wengi wanapoingia hasara. H max ni kimo pampu inachofikia ikiwa haitoi maji hata kidogo, na Q max ni maji inayotoa ikiwa haisukumi juu. Hazipatikani kwa pamoja. Katika pampu za aina hii, kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo kimo kinavyoporomoka kwa kasi: ikitoa lita 25, hubaki na mita 20 hivi.

Kwa hiyo dai jedwali au mchoro wa pampu, ambao huwa kwenye karatasi ndani ya boksi na wakati mwingine huchapishwa kwenye boksi lenyewe. Tafuta lita 25, kisha usome mita zilizo chini yake. Pampu ya aina hiyo hiyo yenye hosipawa 0.75 kwa kawaida hutoa mita 30 hivi kwa lita 25, na hiyo inatosha nyumba yetu ikibaki na ziada ndogo.

Ipo pia njia ya pili. Nyumba ikiwa bado inajengwa, weka bomba la inchi moja kwenye njia kuu. Hitaji litashuka hadi mita 22.5, na ile pampu ya nusu hosipawa itakaribia kutosha: watu watatu wakitumia maji kwa pamoja watapungukiwa kidogo, wawili hawatahisi. Bomba nene hununuliwa mara moja, na halili umeme.

Umeme

Kazi inayofanywa kwenye maji yenyewe ni ndogo. Zidisha lita kwa dakika kwa mita, kisha gawanya kwa 6, utapata wati. Kwa nyumba yetu, 25 mara 26 gawanya kwa 6 ni wati 108. Lakini pampu ndogo hupoteza nguvu nyingi kwa joto na msuguano, hivyo ile ya hosipawa 0.75 huvuta wati 850 hivi kutoka ukutani, na ya nusu huvuta karibu wati 550.

Wakazi sita wakitumia lita 600 kwa siku, kwa wastani wa lita 15 kwa dakika, pampu itafanya kazi dakika 40. Kwa wati 850 hiyo ni yuniti 0.57 kwa siku, au 17 kwa mwezi. Pampu ya hosipawa moja na nusu ingefanya kazi dakika karibu zile zile, kwa sababu kasi ya maji huamuliwa na mabomba yaliyofunguliwa, lakini ingekula karibu maradufu.

Mwenye inveta aangalie jambo moja zaidi. Mota ikiwaka huvuta kwa nukta chache mkondo mara tano au sita ya kawaida. Pampu inayotumia wati 850 inaweza kudai zaidi ya wati 4,000 wakati wa kuwaka, na inveta ya kilowati 1 itajizima papo hapo.

Dalili za kuangalia

Pampu iliyozidi hujulikana kwa kuwaka na kuzima mfululizo bomba likifunguliwa kidogo. Inajaza presha haraka, inazima, inawaka tena, na mota hupata moto. Zaidi ya hapo, pampu inayozimwa na kifaa cha kuhisi mtiririko huacha ndani ya mabomba presha yake ya juu kabisa. Yenye H max ya mita 60 itaacha bari 6, na mzigo huo huangukia mipira ya sinki, vielea vya choo na hita za maji. Tanki dogo la presha hupunguza kuwaka na kuzima, ila haliwezi kuigeuza pampu iliyozidi ikawa ya saizi yako.

Pampu ikiwaka usiku na hakuna aliyefungua maji, kuna maji yanayopotea. Funga koki kuu inayoingia ndani ya nyumba. Ikitulia, tafuta uvujaji ndani, ukianza na vyoo. Ikiendelea kuwaka, kagua vali ya kuzuia maji kurudi iliyo karibu na pampu.

Na presha ikipungua ghafla kwenye pampu iliyokuwa ikifanya vizuri, usikimbilie kununua nyingine. Kagua kwanza chujio na bomba linalotoka kwenye tanki. Bomba hilo lisiwe jembamba kuliko tundu la kuingizia maji la pampu, na pampu ikae chini ili maji yaifuate yenyewe. Pampu hizi ndogo zina nafasi finyu sana kati ya gurudumu na ganda lake, hivyo mchanga wa tanki lisilosafishwa huzilegeza, na kufanya kazi bila maji huziua kwa dakika chache. Funga kielea cha kuzima umeme tanki linapokauka.

Kabla ya kwenda dukani, andika kwenye karatasi lita zako kwa dakika, mwinuko wako, urefu na unene wa bomba lako. Muuzaji asipoweza kukuonyesha mita za pampu yake kwa lita unazotaka, nenda duka la pili.