Oda Iliyolipwa Ikasomeka "Imeshindwa"

Mteja wa duka la mtandaoni analipa kwa kadi saa 4:02, benki inakataa. Saa 4:03 anajaribu kadi nyingine, inakubali. Stripe hulitumia duka taarifa mbili, ziitwazo webhuku: `payment_intent.payment_failed`, kisha `payment_intent.succeeded`. Ila Stripe haiahidi kwamba zitafika kwa mpangilio huo. Seva ikizubaa, ile ya kwanza hutumwa tena baadaye, na oda iliyolipwa inageuka "imeshindwa". Pesa imekatwa, mzigo uko ghalani, simu za lawama zinaanza.

Dawa yake ni kuhifadhi kila taarifa, kuacha yenye `id` iliyokwisha kupokelewa, na kuzipanga kwa `created`, yaani wakati taarifa ilipozaliwa, si ilipofika. Zikilingana hadi sekunde, iulize Stripe hali ya malipo yenyewe.